Dumu Likidondoka Mtoni, Usikimbilie Majibu

Kijitabu cha pasti pepa alichokiinua mwenyekiti wa klabu ya fizikia kilikuwa kimechakaa upande mmoja tu. Kurasa za mbele, zenye maswali, zilikuwa bado nyeupe. Za nyuma, zenye majibu, zilikuwa zimekunjika pembe na kujaa alama za vidole na madoa ya chai. "Jamani, hiki kitabu ni cha klabu, sote tumekitumia," aliwaambia wenzake. "Tazameni wenyewe tunasomea wapi."

Ulikuwa mkutano wa kwanza wa muhula katika shule moja ya bweni mkoani Pwani, na wengi waliohudhuria walikuwa wa kidato cha tano. Walitegemea kusomewa ratiba ya diskasheni na majina ya viongozi wapya. Badala yake binti huyu wa kidato cha sita aliwaomba jambo ambalo mwanafunzi aliyeelemewa na masomo huliona kama anasa: wakae na swali gumu, wasifunue nyuma, mpaka waweze kusema kwa maneno yao wenyewe wamekwama wapi. Hakuwaahidi alama. Aligeuka, akachukua chaki, akaandika swali.

Boti ya injini inapanda Mto Rufiji. Inapopita chini ya Daraja la Mkapa, dumu tupu linadondoka majini bila mtu kuona. Baada ya dakika 10 nahodha anagundua, anageuza boti papo hapo, na bila kuongeza wala kupunguza nguvu ya injini anashuka na mto hadi analikuta dumu likielea kilomita 1 chini ya daraja. Maji ya mto yanakwenda kwa kasi gani?

Swali lenyewe ni la zamani. Walimu wa fizikia wa nchi mbalimbali wamelifundishia kwa kofia, kwa chupa, kwa kasia. Yeye alilileta Rufiji kwa sababu nusu ya darasa wamelivuka daraja lile wakiwa ndani ya basi. Halihitaji hesabu zaidi ya zile za kidato cha pili, na bado huwaangusha watu wazima wenye shahada. Msomaji mwenye kalamu karibu anaweza kulijaribu sasa hivi kabla ya kuendelea.

Aliwapa dakika 20, na kilichotokea katika dakika hizo ndicho kilichokuwa kiini cha hotuba yake.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa amemaliza mapema. Dumu limekwenda kilomita 1, muda ni dakika 10, kwa hiyo mto unakwenda kilomita 6 kwa saa. Mwenyekiti hakumwambia amekosea. Alimuuliza swali moja: "Nahodha alipogeuza boti, dumu lilisimama likamsubiri?" Kijana akacheka, akarudi kwenye karatasi yake. Zile dakika 10 ni za boti kupanda tu. Wakati boti inashuka kulifuata dumu, dumu nalo lilikuwa bado linachukuliwa na maji, na muda huo wa pili haukutajwa popote kwenye swali.

Walioliona hilo waliingia kwenye aljebra. Kasi ya boti kwenye maji wakaiita v, kasi ya mto u, muda wa kulikimbiza dumu t. Boti ikipanda inasukumwa nyuma na mto, kwa hiyo kwa mtu aliyesimama darajani inakwenda v − u. Ikishuka inabebwa na mto, inakwenda v + u. Dakika 10 ni sehemu ya sita ya saa. Kwa hiyo inapogeuka, boti iko umbali wa (v − u)/6 juu ya daraja, na ili ilifikie dumu inapaswa kushuka umbali huo wote pamoja na kilomita 1 zaidi. Dumu lenyewe limeelea tangu mwanzo hadi mwisho, likakamilisha kilomita 1. Waliofika hapa walikuwa na mistari miwili safi:

```
(v + u)t = (v − u)/6 + 1
u(1/6 + t) = 1
```

Kisha wakakwama. Herufi tatu hazijulikani, milinganyo ni miwili, na kila mwanafunzi wa hisabati amefundishwa kwamba hapo hapatoki kitu. Mmoja alisema kwa sauti yale ambayo wengi walikuwa wanayafikiri: "Mwenyekiti, swali halijakamilika. Hujatupa kasi ya boti."

Hapa ndipo mkono wa mwanafunzi wa kawaida unapokwenda kwenye kurasa za nyuma, na ndipo mwenyekiti alipowazuia. Aliwaambia hivi: "Kama unaona kuna kitu kinakosekana, kipachike mwenyewe uone kitakachotokea." Upande wa dirishani walichagua boti iende kilomita 12 kwa saa; upande wa mlangoni wakaipa injini kubwa zaidi, kilomita 30 kwa saa. Wakakokotoa. Wa dirishani walipata mto unakwenda kilomita 3 kwa saa. Wa mlangoni nao wakapata 3. Pande zote mbili boti ililifikia dumu dakika 10 kamili baada ya kugeuka.

Mtu aliyekuwa anadhani swali lina upungufu sasa ana jambo la kumnyima usingizi. Mbona ukubwa wa injini haujali? Na mbona dakika 10 za kwenda zimezaa dakika 10 za kurudi, wakati boti inashuka haraka kuliko ilivyopanda?

Mwenyekiti aliwataka wapime kitu kingine: umbali kati ya boti na dumu. Tuchukue boti ya kilomita 12 na mto wa kilomita 3 kwa saa. Kwa dakika 10 boti imepanda kilomita 1.5 na dumu limeshuka nusu kilomita, kwa hiyo vimeachana kilomita 2. Boti inapogeuka, inashuka kwa kilomita 15 kwa saa huku dumu likiikimbia kwa 3, hivyo pengo linapungua kwa kilomita 12 kwa saa. Kilomita 2 kwa kasi hiyo ni dakika 10. Sasa tazama ilikotoka ile 12: ni kasi ya boti kwenye maji, mto haumo. Wakati wa kupanda pia pengo lilikuwa linaongezeka kwa 9 jumlisha 3, yaani 12 ileile. Mto unaitoa boti kilomita 3 na kumpa dumu kilomita 3, kisha wakati wa kurudi unafanya kinyume, na pengo halijui kama maji yanatembea au yamelala.

Msichana mmoja wa safu ya nyuma alilisema kwa namna niliyoipenda kuliko hesabu zote zilizokuwa ubaoni. Alisema yeye aliamua kuusimamisha mto. Akaliweka dumu ziwani, maji yametulia: boti inaliacha kwa dakika 10, inageuka, inalirudia kwa dakika 10, hakuna la kukokotoa. Kisha akajiuliza, ziwa lote lile likianza kutembea pamoja na vyote vilivyomo, ni nini kitabadilika kati ya boti na dumu? Hakuna. Kwa hiyo dumu limeelea dakika 20, limekwenda kilomita 1, na kwa saa nzima lingekwenda kilomita 3. George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, alishauri jambo hilohilo katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu kutatua maswali: ukishindwa na swali, tafuta lililo jepesi zaidi linalofanana nalo. Sidhani kama binti yule amewahi kukisikia kitabu hicho.

Ndipo mwenyekiti akawasomea jibu lililochapishwa nyuma. Lina mistari mitatu. Tumia maji kama rejea. Muda wa kurudi ni sawa na muda wa kwenda, dakika 10. Kwa hiyo kasi ya mto ni kilomita 1 kwa dakika 20, yaani kilomita 3 kwa saa.

Kila mstari ni wa kweli. Anayeusoma bila kuhangaika anaitikia kwa kichwa mara tatu, anafunga kijitabu, na anaamini ameelewa. Tatizo liko kwenye mstari wa kwanza. Umetoka wapi? Nani alimwambia mwandishi atumie maji kama rejea badala ya daraja? Jibu lililochapishwa linakuthibitishia kwamba kila hatua ni halali, lakini halikuonyeshi jinsi hatua ile ilivyochaguliwa kati ya hatua nyingine kumi zilizowezekana, na kwenye chumba cha mtihani kinachotakiwa ni huko kuchagua. Aliyekwama kwenye herufi tatu na milinganyo miwili anausoma mstari huo na kuona kwamba unafungua mlango aliokuwa anausukuma. Ambaye hakukwama haoni mlango wowote.

Ili wasilichukue hilo kama maneno ya jukwaani, aliwapa swali la pili palepale. Safari hii anayemfuata dumu ni bodaboda. Dumu linapodondoka darajani, bodaboda anaondoka hapohapo kuelekea juu ya mto, kwa njia iliyo kando ya ukingo, kilomita 18 kwa saa. Baada ya dakika 10 anageuza na kurudi kwa kasi ileile. Mto unakwenda kilomita 3 kwa saa. Baada ya kugeuza, atalifikia dumu kwa dakika ngapi?

Mikono kadhaa iliruka: dakika 10! Ni wale waliokuwa wamenakili mistari mitatu ya jibu na kuacha yaliyotangulia. Waliopima pengo hawakunyoosha haraka, kwa sababu walijua ile 10 ilitokana na nini: boti na dumu vyote vilibebwa na maji yaleyale. Pikipiki haibebwi na maji. Inapanda kilomita 3, dumu linashuka nusu kilomita, pengo ni kilomita 3.5. Ikirudi, pengo linapungua kwa 18 kutoa 3, yaani kilomita 15 kwa saa, na hiyo inatoa dakika 14. Dumu litakuwa limeelea dakika 24 na kufika kilomita 1.2 chini ya daraja. Anayetaka kuhakiki afuate pikipiki: kwa dakika 14 imekwenda kilomita 4.2, ukiondoa 3 za kurudi darajani zinabaki 1.2. Hesabu inafunga pande zote mbili.

Kuna utafiti unaolandana na alichokifanya, na kwa bahati ulihusu fizikia hiihii ya mwendo. Mwaka 2008 Manu Kapur, aliyekuwa akifanya kazi Singapuri, alichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wanafunzi zaidi ya 300 wa darasa la 11 nchini India. Waligawanywa katika vikundi vya watatu watatu. Baadhi ya vikundi vilipewa matatizo ya mwendo yaliyopangwa vizuri, yenye taarifa zote mahali pake; vingine vilipewa matatizo yaliyovurugika, ambamo haikuwa wazi kipi kinahusika na kipi hakihusiki. Vikundi vya pili vilihangaika, vikabishana na kutoa majibu mabovu. Ungewasahihisha siku ile ungesema wamepoteza muda. Lakini kila mwanafunzi alipopewa baadaye maswali ya kufanya peke yake, waliohangaika waliwashinda wenzao, hata kwenye maswali yaliyopangwa vizuri ambayo wao hawakuyafanyia mazoezi.

Hata hivyo hotuba ilikuwa na sehemu moja iliyopita haraka mno kwa maoni yangu. Mvulana mmoja aliuliza itakuwaje kwa mada ambayo mwalimu hajaigusa kabisa, na mwenyekiti alimjibu kwa sentensi mbili: usihangaike na usichokijua, kasome kwanza. Jibu ni sahihi, ila lilistahili muda zaidi, kwa maana hapa ndipo wanafunzi wengi wenye bidii wanapojiumiza. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper, nchini Australia, walionyesha kwa maswali ya aljebra kwamba anayeanza mada mpya hujifunza haraka zaidi akisoma mifano iliyokwisha kutatuliwa kuliko akiachwa apambane na maswali mwenyewe. Sababu yake haina siri. Akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja. Mgeni wa mada anaijaza nafasi hiyo kwa kutafuta tafuta, halafu hapabaki pa kujifunzia. Mwanafunzi ambaye hajui kwamba kasi mbili za mwelekeo mmoja hujumlishwa hawezi kunufaika na swali la dumu. Atakaa nalo saa nzima na kutoka na kichwa kinachouma.

Hivyo kukwama kuko kwa aina mbili, na mtu anaweza kuzitofautisha akijitazama kwa uaminifu. Aliyekwama kwa faida ana mchoro. Anaweza kulieleza swali bila kulisoma, na anaweza kumalizia sentensi hii: "Ningejua kitu fulani, ningemaliza." Vijana wa dumu walikuwa hapo, kitu chao kilikuwa kasi ya boti. Aliyekwama bila faida anabandika fomula moja baada ya nyingine akitumaini namba zitakubali, na ukimuuliza anatafuta nini anakusomea swali upya. Huyo asilazimishwe kuendelea, wala asikimbilie jibu la swali hilo. Arudi kwenye daftari au kwenye mifano ya Nelkon, akarekebishe msingi, kisha alirudie swali.

Na mifano nayo ina namna yake ya kusomwa. Mwaka 1989 Michelene Chi na wenzake, Marekani, waliwaomba wanafunzi wachache wasome mifano ya mekanika iliyotatuliwa huku wakisema kwa sauti wanachofikiri. Waliokuja kufanya vizuri walisimama kwenye mistari na kujieleza kwa nini nguvu hii imechorwa huku na si kule. Pia walikuwa wepesi wa kukiri kwamba mahali fulani hawajaelewa. Waliofanya vibaya walipita wakisema wameelewa, halafu wakati wa maswali wakawa wanarudi kuisoma mifano ileile tena na tena. Kwa hiyo hata kurasa za nyuma za kijitabu kile si sumu, mradi msomaji azisome kwa kuzihoji.

Utaratibu ambao klabu iliukubali jioni ile ni rahisi kuueleza. Unachora, unaandika kilichotolewa na kinachotafutwa, unajaribu njia mbili zilizo tofauti kweli. Ukishindwa, unaandika sentensi moja inayosema umekwama wapi. Ndipo unafunika jibu kwa karatasi na kuishusha mstari kwa mstari, ukisimama mara tu unapokuta mstari unaojibu sentensi yako. Unafunika tena, unamaliza mwenyewe. Baada ya siku kadhaa unalirudia swali kwenye karatasi tupu. Mwenyekiti aliisisitiza ile sentensi kuliko chochote kingine; alisema ndiyo atakayokuwa anaikagua kwenye madaftari, na kwamba jibu sahihi lisilo na sentensi halimvutii.

Kelele kubwa ilitoka kwa waliosema silabasi ni ndefu na mtihani wa taifa hausubiri. Hoja yao ina uzito. Ukikaa na swali moja jioni nzima, mwenzako atakuwa amepitia kumi na tano. Mwenyekiti hakubisha kuhusu idadi. Aliwaambia waende kwa wale waliosema bodaboda atalifikia dumu kwa dakika 10 wakawaulize wamepitia mangapi. Mimi ningeongeza jambo ambalo kila aliyenunua vijitabu vya mitaani analijua: majibu yake mengine yana makosa. Kama nyuma pangeandikwa kilomita 6 kwa saa, aliyesoma tu angezikariri. Aliyehangaika angeuliza mara moja dumu limeelea dakika ngapi, na kijitabu kingeshindwa kujibu.

Kabla ya kengele ya chakula alibandika swali la wiki kwenye ubao wa matangazo, bila kurasa za nyuma. Ni boti ileile, daraja lilelile. Dumu linadondoka, boti inapanda dakika 10, kisha injini inazimika kwa dakika 5 na maji yanaichukua boti yanavyotaka. Injini inawaka, nahodha anageuza na kulikuta dumu kilomita 1 chini ya daraja. Mto unakwenda kwa kasi gani? Vijana wawili walikuwa wamesimama mbele ya ubao wakibishana kama zile dakika 5 zinahesabiwa kwa boti, kwa dumu, au kwa vyote viwili.